Hongo, pembe na rugaruga: marudio kuhusu dola za Unyamwezi na Ukimbu

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Tabora. Kwenye daftari nimeandika "kodi, hongo, jeshi" lakini vinanichanganya. Vinatofautianaje? Halafu kwa nini dola ya Mirambo ilivunjika upesi na ya Nyungu ya Mawe ikaendelea, wakati wote wawili walifariki mwaka uleule?

JIBU: Njia nyepesi ni kujiuliza kila mara: nani analipa, analipa nini, na mali inapita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia mtemi, yaani mtawala wa nchi.

Raia walilipa kwa njia mbili. Walimlimia mtemi shamba lake, na sehemu ya nafaka hiyo ilirudi kwao kwenye sherehe au wakati wa njaa. Ya pili ni pembe. Tembo alipouawa, pembe moja, kwa kawaida ile iliyoangukia upande wa ardhini, ilikuwa ya mtemi, na ya pili ya mwindaji. Ngozi za simba na chui nazo zilipelekwa kwake. Pembe ndiyo iliyobeba uzito wote wa mambo, maana ndiyo iliyonunua bunduki na baruti.

Hongo hapa ni ushuru wa njia, na ililipwa na mpita njia, si raia. Msafara ulipofika mpakani, kiongozi wake alituma watu kwa mtemi, yakaanza majadiliano ya nguo, shanga, waya wa shaba au baruti. Nguo zilihesabiwa kwa doti, yaani shuka mbili, mikono minane hivi. Mtemi hakuwa na haraka. Wapagazi mia kadhaa walikula kila siku waliyosubiri, na chakula walikinunua kwa wanakijiji wake, kwa hiyo kila siku iliyopita ilimdhoofisha mwenye msafara. Lakini hongo ilikuwa na kikomo: ikizidi, msafara hutafuta njia nyingine. Ugogo walitoza kwa nguvu zaidi kwa kuwa nchi ni kavu na visima vilikuwa mikononi mwa watemi.

Kikomo cha pili ni hiki: ukimtoza mwenye bunduki nyingi kuliko zako, jiandae kwa vita. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, mrithi wake Mnywa Sele aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele alipigana msituni hadi akauawa mwaka 1865. Ushuru wake wenyewe haukuwa wa ajabu. Tatizo ni kwamba hakuwa na jeshi la kuulinda.

Mirambo, mtemi mwingine wa Unyamwezi, aliliona hilo. Wanakijiji wenye pinde na mikuki huitwa vitani wakati wa kiangazi, mvua zikianza wanarudi shambani. Yeye alikusanya rugaruga: vijana wasiooa, mateka, watoro wa misafara, wenye magobori, walioishi kwa nyara badala ya mshahara. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walimshambulia. Walipokuwa wanarudi na nyara mabegani, akawavizia na kuwapiga, kisha akafunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini.

Hapa wanafunzi wengi husimama, na hapo ndipo maksi hupotea. Njia ikifungwa, hongo nayo inakoma, na baruti iliyotoka pwani inakuwa adimu. Rugaruga asipopata vita hapati chakula. Kwa hiyo Mirambo alihitaji vita ili kuwalisha askari na alihitaji amani ili kupata baruti, ndiyo maana baadaye alipatana na Waarabu.

Sasa utawala. Mirambo aliposhinda nchi, mara nyingi aliacha ukoo wa utemi uleule uendelee, mradi ulete pembe na askari. Ni nafuu, lakini utii huo ni kwake yeye binafsi. Alipofariki mwaka 1884, watemi wengi hawakuona sababu ya kumtii mrithi wake Mpandoshalo, naye aliuawa vitani mwaka 1890.

Nyungu ya Mawe, huko Ukimbu, aliweka watu wake, walioitwa watwale, juu ya watemi wa zamani. Kila mtwale alisimamia eneo, akakusanya pembe na kuzipeleka Kiwele, makao makuu. Cheo chake kilitoka kwa Nyungu, si kwa mizimu ya ukoo wa pale, kwa hiyo hakuwa na watu wa kuasi nao. Nyungu alipofariki, pembe ziliendelea kufuata njia ileile, na binti yake Mgalula alitawala hadi enzi za Wajerumani.

Ukiulizwa "linganisha", usianze na tabia za watawala, wala usihesabu vita. Anza na mkusanyaji: kwa Mirambo ni mtemi wa zamani, kwa Nyungu ni mtwale. Kisha mfuate aliyekusanya pembe hadi bosi wake anapofariki.