Kabla ya kujibu "nzuri", uliza kadi ina jina la nani

Swali la wiki: Mtu akikutumia picha ya kitu kinachouzwa, na chini yake maneno "Hebu ona hii" au "Unaionaje?" basi, utamjibu nini?

Jibu la msomaji, fundi wa pikipiki, Masasi, Mtwara

Ujumbe wa aina hiyo hunijia kwa wingi kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na fedha za wakulima zinapoanza kuingia benki, na karibu kila mara picha huwa ya pikipiki iliyotumika. Nitajibu kwa mfano huo kwa sababu ndio ninaoufahamu. Neno ninaloliepuka kuliko yote ni "nzuri". Huku kwetu, ambako mjomba bado ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake, "nzuri" ya mjomba ikitoka jioni huwa ruhusa ya kununua asubuhi, na pikipiki ikizima njiani baada ya wiki, lawama humrudia yeye. "Mbaya" nayo haisaidii, kwa kuwa mtumaji hajasema anataka nini: huenda anauliza kama bei ni halali, huenda anaomba aongezewe fedha, huenda ameshakubaliana na muuzaji na anatafuta mtu wa kumuunga mkono, na huenda yeye ndiye dalali na mnunuzi anayetafutwa ni wewe.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza huwa maswali, na huwa machache. Msimu uliopita mpwa wangu aliyeko Newala alinitumia picha ya Boxer nyekundu na maneno "Shikamoo mjomba, hebu iangalie hii." Picha ilikuwa na ile alama ya mshale ya WhatsApp inayoonyesha kwamba imepitishwa kutoka kwa mtu mwingine, hivyo nilijua kuwa hakuipiga yeye na pengine hajawahi kusimama karibu na chombo chenyewe. Nikamwandikia: "Marahaba. Unanunua wewe? Iko wapi, wanataka shilingi ngapi, na kadi ina jina la nani?" Alijibu kuwa anayenunua ni yeye, kwamba iko Newala mjini kwa dereva wa bodaboda, kwamba bei ni 1,600,000, na kwamba kadi ipo. Swali la jina alilipita.

Picha yenyewe ilikuwa imepigwa upande wa kushoto, pikipiki ikiwa imetoka kuoshwa, usukani umekatwa upande mmoja, na kidole cha mpiga picha kimeangukia kwenye namba ya usajili. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha ubaya wowote, lakini kila kimoja kinaficha jambo linaloweza kukaguliwa. Ekzosi na pedali ya breki ya nyuma ziko kulia, na pikipiki iliyoangukia upande huo huonyesha mikwaruzo na pedali iliyopinda hapo hapo. Usukani uliokatwa hauruhusu mtu kuona kama tairi la mbele limenyooka usukani unaponyooka au shokapu zimepinda kwa kugonga. Kuosha huondoa oili iliyovuja chini ya silinda. Namba ya usajili ikifichwa, huwezi kuangalia katika mfumo wa Jeshi la Polisi kama chombo kinadaiwa faini za barabarani, ambazo huambatana na namba hiyo hata kikibadilisha mikono.

Nilimwomba aende mwenyewe na kunipigia picha tatu: upande wa kulia; mbele, usukani ukiwa umenyooka; na ya tatu, iliyokuwa muhimu kuliko zote, kadi ikiwa imeshikwa kando ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, ili vyote viwili visomeke katika picha moja. Kadi ikipigwa peke yake inaweza kuwa ya pikipiki nyingine kabisa. Namba hizo husomwa tarakimu kwa tarakimu, na macho huangalia pia kama chuma kinachozizunguka kimesagwa au kupakwa rangi mpya kuliko sehemu nyingine za fremu.

Namba zililingana, ila jina halikuwa la dereva. Alipobanwa kwa upole, dereva alieleza kuwa pikipiki iko kwenye mkataba: tajiri ameinunua, yeye anaiendesha na kupeleka hesabu, na akimaliza malipo ndipo atakabidhiwa kadi, hadi siku hiyo alikuwa bado anadaiwa 480,000, na kadi aliiazima kwa kisingizio cha kutoa nakala. Simwiti mwizi. Madereva wengi wa mkataba huamini kwa dhati kwamba wanauza sehemu yao waliyokwisha kuilipia, lakini mpaka deni liishe mali ni ya mwenye jina kwenye kadi, na mnunuzi anayempa dereva fedha zote anaweza kufuatwa na tajiri akiwa na karatasi zake mkononi.

Nikamwambia mpwa wangu asitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla tajiri hajakaa nao mezani, na kwamba kabla ya kikao hicho aikague injini. Ukaguzi huo hufanywa alfajiri bila kutoa taarifa, kwa sababu muuzaji anayejua unakuja huiwasha mapema ipate joto, na injini yenye joto huficha mengi. Aliigusa, ikawa baridi, akapiga kiki. Ukitoka moshi wa bluu kidogo mwanzoni kisha ukakatika, kwa kawaida ni sili za vali zilizochoka, matengenezo ambayo hayatishi. Ukiendelea kila unapovuta mafuta, ringi zimekwisha au silinda imelika, na hapo bei huzungumzwa upya kabisa. Wake ulikatika.

Kilichobaki ni kile ambacho hakuna picha wala video itakayokionyesha, yaani klachi na gia. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde na barabara ya kwenda Masasi hushuka ukingoni kwa mteremko mkali, kwa hiyo kipimo kipo karibu: shuka, geuza, panda ukiwa umempakia mtu. Injini ikipaza sauti huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Ya kwake iliteleza, na mlio ulisikika hata kwa abiria wake.

Walipokutana watatu, pamoja na shahidi, klachi na sili zilipunguza bei hadi 1,500,000. Tajiri alipokea 480,000 zake kwanza na kusaini mkataba wa mauziano kama muuzaji, kwa kuwa jina kwenye kadi ni lake. Dereva akapokea 1,020,000 na kuandikiwa katika mkataba huo huo kwamba hana dai tena. Kwa mkataba huo, kadi halisi na namba yake ya mlipa kodi, mpwa wangu alikwenda TRA kuhamisha umiliki, hatua ambayo wengi huiahirisha mpaka siku wanayotaka kuuza na kukuta mwenye jina amehama mkoa.

Kwa mtu nisiyemfahamu vizuri sifiki mbali hivyo. Akituma picha na "Hebu ona", namuuliza tu kadi ina jina la nani na kama naweza kuzungumza na mwenyewe. Madalali wenye mali halali hunipa namba ya simu ya mwenyewe siku hiyo hiyo, na waliobaki hunitumia picha ya pikipiki nyingine.