Kipandauso: triptani imezwe wakati gani, na nani asiiguse

Nikianza kuona vimulimuli machoni najua kichwa kinakuja. Nimeze sumatriptani palepale au nisubiri? – Dada wa Kimara

Sumatriptani ni mojawapo ya dawa za kipandauso ziitwazo triptani. Subiri kichwa kianze kuuma, kisha meza mara moja. Vimulimuli kwa kawaida hudumu kati ya dakika 5 na saa nzima, na kidonge kikimezwa wakati huo mara nyingi hakizuii maumivu yanayofuata. Ila wengi hukosea upande wa pili: wanavumilia mno. Nina mteja anayeuza vitenge Kariakoo. Kichwa kilikuwa kikimwanza saa nane mchana, naye anajikaza hadi afunge duka saa kumi na moja. Akifika nyumbani hata kilemba hakivumiliki, kitana kikigusa nywele anaruka. Ngozi ya kichwa ikishafikia kuuma hivyo, triptani hufanya kazi kwa shida. Isitoshe, tumbo hulala wakati wa kipandauso, kidonge kikakaa bila kufyonzwa. Nikamwambia aweke kimoja kwenye pochi, ameze maumivu yakiwa bado madogo. Sasa siku nyingi anafunga duka kwa saa yake ya kawaida.

Kama unatapika mapema, mwambie daktari. Ipo ya kupuliza puani na ya sindano, japo si kila duka la dawa linazo.

Nimemeza sumatriptani ya miligramu 50, masaa mawili yamepita, wala sioni nafuu. Niongeze? – Msomaji, Mbagala

Kama haikupunguza chochote, usirudie kwa shambulio hilohilo, tumia parasetamol. Kama ilikutuliza kisha maumivu yakarudi, unaweza kumeza cha pili, mradi yamepita masaa mawili tangu cha kwanza na usizidishe miligramu 200 kwa siku. Ukijikuta unazimeza siku 10 au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Mume wangu ana presha na leo kichwa kinamsumbua. Nimpe kimoja changu? – Mama wa Tabata

Usimpe, mama. Triptani hubana mishipa ya damu, ya kichwani zaidi, lakini na ya moyo kidogo. Mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kupata kiharusi hata kile kidogo kinachopita, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya miguu, hao wasiiguse kabisa. Vilevile mwenye kipandauso kinachomlegeza upande mmoja wa mwili, na aliyemeza ergotamini, dawa nyingine ya kipandauso, ndani ya masaa 24.

Mpime presha kwanza, mpe parasetamol. Ila kama kichwa kimempiga ghafla kwa nguvu ambayo hajawahi kuijua, au mdomo umepinda, au maneno hayatoki sawasawa, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kesho.