Mabomba yasiyo na namba

Mwalimu, shikamoo. Daftari la mwanangu limelowa. Swali ni la mabomba mawili yanayojaza tangi, moja kwa saa kadhaa, jingine kwa saa kadhaa, halafu yanafunguliwa pamoja. Namba zimefutika zote. Nitamsaidiaje? (Mama wa darasa la saba)

Marahaba mama. Mwambie aandike namba zozote mbili na aanze, kwa sababu njia haibadiliki. Tuseme bomba la kwanza hujaza kwa saa 6 na la pili kwa saa 3. Atafute KDS ya 6 na 3, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, ambayo ni 6, kisha ajifanye kwamba tangi ni la lita 6. Swali halikutaja lita, kwa hiyo tuna ruhusa ya kuchagua zinazotufaa. La kwanza linatoa lita 1 kwa saa, la pili lita 2. Pamoja ni lita 3 kwa saa, na tangi la lita 6 linajaa kwa saa 2.

Akikutana na namba nyingine, hatua ni hizo hizo: KDS, lita za kila bomba kwa saa moja, jumlisha, gawanya. Anayependa herufi aite saa za mabomba a na b, atapata muda kuwa ab ÷ (a + b).

Watoto wengi hujumlisha 6 na 3 wakagawa kwa mbili, wakapata saa 4 na nusu. Hapo muulize: bomba la pili peke yake linamaliza kwa saa 3, sasa likisaidiwa ndiyo lichelewe? Jibu la kweli lazima liwe dogo kuliko muda wa bomba lenye kasi zaidi. Na kama moja limeandikwa kwa dakika na jingine kwa saa, ayageuze yawe kipimo kimoja kabla ya kugusa KDS.

La kwangu lina bomba la kuingiza na la kutoa. Ninachokumbuka ni jibu tu, saa 12. Naweza kurudi nyuma nikapata namba?

Huwezi, ndugu yangu. Chukua la kuingiza saa 4 na la kutoa saa 6. KDS ni 12, zinaingia lita 3 kwa saa na kutoka lita 2, inabaki lita 1, basi saa 12. Sasa jaribu 3 na 4: zinaingia 4, zinatoka 3, tena saa 12. Hata 6 na 12 zinatoa jibu hilo. Jibu moja lina wazazi wengi, na anayekuambia amelipata swali lako kutokana nalo amebahatisha. Ila ukikumbuka namba moja ya swali, ya pili inapatikana. Kama la kuingiza lilikuwa saa 4, kwa saa moja linajaza robo ya tangi. Kinachobaki ndani ni sehemu moja ya kumi na mbili. Tofauti yake ni sehemu moja ya sita, yaani la kutoa ni saa 6.

Ukibuni namba zako, la kutoa lichukue muda mrefu kuliko la kuingiza. Ukizigeuza, tangi halitajaa hata ukingoja mwaka.

Mafundi walikuwa wanajenga ukuta, baadaye baadhi wakaondoka. Idadi na siku zimenitoka.

Zidisha mafundi kwa siku upate ukubwa wa kazi, toa iliyofanyika, gawanya iliyobaki kwa waliobaki. Mafundi 8 kwa siku 15 ni 120. Baada ya siku 3 zimetumika 24, zimebaki 96. Wawili wakiondoka, 6 watamaliza kwa siku 16 nyingine. Soma swali vizuri: likiuliza siku zote, jibu ni 19. Hesabu hii inadhani mafundi wote wana kasi moja, jambo ambalo kwenye saiti sijawahi kuliona.

Je, bomba moja likitangulia kufunguliwa? Namba sina.

Hesabu kwanza lita za aliyetangulia, uzitoe, kisha endelea kama kawaida. Kwa tangi letu la lita 6, la kwanza likitangulia saa 2 linaingiza lita 2. Zimebaki 4, na mabomba yote yanaingiza 3 kwa saa, hivyo ni saa 1 na theluthi. Kikokotoo kitakuonyesha 1.33, na hapa ndipo wengi huandika saa 1 dakika 33. Theluthi ya saa ni dakika 20.

Na tafadhali, jibu ni "saa 1 na dakika 20", basi. Nimewahi kusahihisha karatasi iliyoandikwa "saa 1 na dakika 20 asubuhi".