Pua nyekundu kwenye picha ya nje: kilichopungua ni kijani

*"Wakuu, nimempiga picha mtu nje, asubuhi ya baridi, akiwa ametoka kukimbia. Pua na mashavu yamewiva kwa wekundu. Nikipunguza ukolezi wa nyekundu uso unakuwa wa kijivu kama wa mgonjwa. Natumia Photoshop. Nifanyeje?"*

Mkuu, achana na ukolezi kwanza. Mtu akikimbia, au baridi ikimpiga usoni, damu hujaa kwenye mishipa midogo iliyo karibu na ngozi. Damu humeza sana mwanga wa kijani, humeza na buluu, ila nyekundu huiachia irudi kwenye kamera. Kwa hiyo pua hiyo haijaongezewa nyekundu, imenyang'anywa kijani. Ukipunguza ukolezi unaondoa rangi yote pamoja na ile nzuri ya ngozi, na weusi ulioachwa na kijani kilichopotea unabaki palepale. Hicho ndicho kijivu unachokiona.

Thibitisha kwa macho yako. Fungua paneli ya `Info`, chukua `Color Sampler Tool`, weka saizi ya sampuli `5 by 5 Average`, kisha bofya paji la uso na pua, sehemu zisizong'aa. Tuseme paji limesoma nyekundu 215, kijani 165, buluu 140, na pua ikasoma 205, 120, 110. Nyekundu imetofautiana kwa 10 tu, tena iko chini puani. Kijani kimeanguka kwa 45. Dawa unaijua sasa.

Kabla ya dawa, weka sawa mizani ya weupe ya picha nzima. Kivulini asubuhi mwanga huwa wa buluu, na wekundu ukichanganyika nao pua huelekea zambarau. Ukitibu pua kabla ya hapo utarudia kazi, maana ukija kupasha joto picha baadaye namba zote zinahama.

Halafu ongeza leya ya `Curves`. Chagua chaneli ya `Green`, weka nukta kwenye `Input` 120 na uipandishe `Output` hadi 148 hivi. Nenda `Blue`, toa 110 upeleke 126. Chaneli ya `Red` usiiguse. Uso mzima utageuka rangi ya ajabu, usishtuke. Bofya maski ya leya hiyo, bonyeza `Ctrl+I` iwe nyeusi, kisha paka kwa brashi laini nyeupe yenye `Flow` ya asilimia 10, ukianzia katikati ya wekundu na kufifia kuelekea ngozi ya kawaida. Midomo iache kabisa, na pembe za macho pia. Zikipoteza wekundu wake mtu anaonekana hana damu. Mabawa ya pua yanataka brashi ndogo, kwa sababu ndiko wekundu unakojificha, na ukiuacha hapo pua itaonekana kama imechorwa mstari.

Ukimaliza shusha `Opacity` ya leya hadi kama 70. Palipopakwa kikamilifu, kwa mfano wetu, pua itasoma karibu 205, 140, 121. Bado ni nyekundu kuliko paji, na mimi huiacha hivyohivyo: mtu ametoka kukimbia, jasho linaonekana, mashavu yakiwa sawa na paji picha inadanganya. Wengine hulazimisha namba zilingane. Matokeo yake ni uso bapa, kwa sababu mashavu na pua huwa na wekundu kidogo hata mtu akiwa amepumzika.

Dalili ya kuzidisha ni ukijani-njano kwenye kingo za eneo ulilopaka. Usiitafute ukiwa umevuta picha hadi vinyweleo. Irudishe iwe ndogo kwenye kioo, zima na uwashe leya. Linganisha pia na shingo na masikio. Masikio hushika baridi kama pua, na watu wengi huyasahau.

Kwa ngozi nyeusi huenda usione wekundu bali doa lenye giza zaidi. Njia ni ileile, ila namba za kuanzia ziwe ulizozisoma wewe, na kijani ukipandishe kidogo tu.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayatasaidia sana: kama nyekundu imegonga 255 puani. Kwenye ngozi iliyowiva chaneli hiyo hujaa mapema kuliko nyingine, na histogramu ya mwanga wa jumla haikuonyeshi. Ukipiga nje, washa histogramu ya rangi tatu kwenye kamera, punguza mwanga kidogo, na upige kwa faili ghafi badala ya JPEG. Na usimwingize mtu chumba chenye joto ukitegemea mashavu yatatulia haraka. Ngozi iliyopoa ikipata joto ghafla mishipa hufunguka na wekundu huzidi kwa muda.