Staji miezi sita na kioo bado kinakutisha: maswali yenu ya labo

Mama, nimemaliza staji miezi sita hapa Bukavu lakini kusoma gut epesi, lile tone zito la damu tunalotafutia malaria kwenye kioo, peke yangu bado naogopa. Nifanye nini?

Mwanangu, hofu yako iko na sababu. Miezi sita umesoma vioo, sawa, lakini nani alikuonyesha pale ulipokosea? Kwa staji zetu mwanafunzi anasoma, anaandika, enkadreri anaweka sahihi, kesho tena vilevile, na kama ulikosea kioo cha jumatatu hutajua hata siku moja. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: wingi wa vioo haufundishi kitu kama jibu halirudi kwako.

Unachotafuta ni vioo vyenye jibu linalojulikana, ila wewe hulijui. Omba mtu wa labo mwenye jicho zuri akuchagulie 20 ambavyo watu wawili walisoma kila mmoja peke yake wakakubaliana: 10 visivyo na vimelea, 5 vyenye vingi, na 5 vyenye vichache sana, vile unapita duara nyingi ndiyo unaona kimoja. Duara ni kile unachoona bila kusogeza kioo. Jina la mgonjwa lifutwe, ibaki namba, majibu yafungwe ndani ya bahasha. Usipite vitano kwa siku, soma na lensi ya 100 na mafuta, na usiandike "hakuna" kabla ya duara 100. Ukimaliza kioo andika jibu na pia kile kilichokufanya uamue, halafu njo ufungue bahasha.

Kuko msichana nilimfuata kwa njia hii. Kwa 20 za kwanza alikosea 6: vioo vinne vyenye vimelea vichache aliandika hakuna, na viwili safi aliandika viko na vimelea. Tulirudi naye kwa mikroskopu. Vile viwili, alichoita vimelea kilikuwa chenga za rangi. Kimelea kiko na doa jekundu pamoja na kipande cha bluu, na kinaonekana wazi kwa fokasi moja na chembe nyeupe zilizo karibu. Chenga ya rangi inakaa juu juu, unageuza fokasi kidogo chembe nyeupe inapotea ndiyo chenga inajitokeza, na bluu haina. Vile vinne havikuwa shida ya jicho, alikuwa anachoka kwa duara ya 30 ao 40 na anaacha. Makosa mawili, dawa mbili tofauti. Wiki iliyofuata hakugusa kioo chenye vimelea vingi, juu vile vinafurahisha lakini tayari alivijua. Alipewa vichache na safi tu, na kwenye karatasi anapiga mstari kila duara mpaka 100 zitimie, na kila kitu cha mashaka anakichora kabla ya kuamua.

Na onyo ambalo hukuuliza: jibu la mgonjwa wa leo si mazoezi yako. Mpaka utakapokuwa sawa, mtu mwingine asome kioo kile mbele jibu halijatoka.

Ni kweli mtu anahitaji masaa 10 000 ndiyo ajue kazi?

Hapana. Ile namba inatoka kwa utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 juu ya wapiga violini wa Berlin, ilikuwa wastani wa wale bora walipofika miaka 20, na yeye mwenyewe alikataa watu kuigeuza sheria. Wewe unasoma malaria, hupigi violini.

Naweza kujifunza kwa video za simu tu?

Kwa kutambua sura ya kimelea, kidogo. Kwa kushika fokasi na kutandika damu, hapana.

Mimi na mwenzangu tumesoma kioo kimoja. Yeye amehesabu vimelea 71 kwa chembe nyeupe 200, mimi 46. Nani ako sawa?

Hakuna hata mmoja, juu wote mmeacha mapema. Sheria ya OMS mnaijua ama mlipaswa kuijua: ukifika chembe nyeupe 200 na vimelea haviko bado 100, unaendelea mpaka 500. Kisha vimelea mara 8000 gawanya kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Kwa namba zenu yeye anapata 2840 kwa mikrolita, wewe 1840. Tofauti ni 1000, wastani wenu ni 2340, kwa hiyo mmeachana karibu 43 kwa mia. Ikipita 25 kwa mia anaitwa msomaji wa tatu.

Lakini kwa kujifunza, swali zuri ni wapi mliachana. Kaeni wote wawili, duara moja moja, kila mtu aandike vimelea vyake na chembe nyeupe zake kimyakimya, mulinganishe kila baada ya duara 10. Mara nyingi mtakuta mmoja anaruka duara zenye chembe nyeupe nyingi zilizobanana, ao anahesabu duara nusu, anamaliza vimelea na kuhama akiwa ameacha chembe nyeupe. Kuko pia anayeingiza gametosite, vile virefu vya kama ndizi, kwenye hesabu. Gametosite inaandikwa pembeni, haingii kwenye 71 wala 46. Mkigundua ni kipi, hesabuni kioo kile tena kesho bila kuangalia karatasi ya leo.

Damu yangu inatoka yote wakati wa kusuuza, labda rangi ni mbaya?

Kila mwezi Giemsa inasingiziwa! Damu yako ni nzito ao haijakauka, na kwa mvua za huku kukauka kunachelewa, usiharakishe kwa moto juu joto linaigandisha na chembe nyekundu hazitapasuka tena. Methanoli pia isiguse tone zito, ni ya ule utando mwembamba tu. Jizoeze kutandika peke yake, bila kusoma: tandika duara ya milimita 12 hivi, weka juu ya gazeti, herufi zisomeke. Fanya kumi mfululizo, tupa zote kwenye boksi la takataka za damu, kumi tena. Na maji usiyamwage juu ya damu, yapitishe pembeni taratibu. Glavu, na lanseti mpya kila kidole, hata kama mnachomana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa nini tujichoshe, TDR, kile kipimo cha haraka, si iko?

TDR haikuhesabii vimelea. Na zile zinazotafuta HRP2, protini ya kimelea, zinaweza kubaki chanya wiki kadhaa mgonjwa akiwa amepona, kwa hiyo anayerudi na homa siku ya 10 utamwambia nini?

Labo yetu iko na mikroskopu moja na wagonjwa ni wengi, nitajizoeza saa ngapi?

Asubuhi kabla ya foleni, nusu saa, vioo viwili ama vitatu, inatosha, jicho lililochoka linajifunza uvivu. Ulizeni pia vioo vya zamani, kuko labo zinavitupa na ni mali. Bukavu tuko juu, karibu mita 1500, vyenye vimelea vinaweza kuwa haba, basi ukiwa na ndugu wa kazi kule bonde la Ruzizi mwambie akuwekee. Avitie rangi yeye mwenyewe mapema, juu tone zito lililokaa siku nyingi bila rangi linaganda lenyewe na hutaona kitu. Ayafute mafuta, avifunge kwenye boksi mbali na unyevu, na majina ya wagonjwa yabaki hukohuko.