CFM ni kijani, mteja analia: kutafuta kosa kwenye laini ya Dodoma hadi Singida

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya laini za kukodi, nitawasimulia tikiti moja tu. Ilifungwa mara mbili kwa maneno "hakuna kosa lililoonekana", na mara zote mbili mteja alipiga simu tena kabla jua halijazama.

Mteja alikuwa na ofisi Dodoma mjini na ghala Singida. Laini yao ya Ethaneti ilitoka kisanduku chetu cha ofisini, ikaingia swichi yetu ya Dodoma, ikafuata barabara ya Bahi na Manyoni hadi swichi yetu ya Singida mjini, halafu faiba ya kilomita mbili hivi hadi kisanduku kilichofungwa kwenye kabati la ghalani. Lalamiko lao lilikuwa hili: kupokea mafaili kutoka Dodoma hakuna shida, lakini wakituma ripoti kwenda Dodoma inajikokota, mara nyingine inakatika katikati. Kumbuka neno "kutuma", tutalirudia.

Kwenye skrini ya CFM, mfumo wa Ethaneti unaochunguza kama ncha za laini bado zinasikiana, kila kitu kilikuwa kijani. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tuelewane kwanza kijani hicho kinasema nini. Kila kisanduku cha mwisho, kile kinachoandikwa MEP, hutuma salamu fupi inayoitwa CCM. Kwenye laini hii tuliweka salamu moja kila sekunde. Upande wa pili hautapiga kelele kwa salamu moja iliyopotea. Husubiri muda wa salamu tatu na nusu, yaani sekunde 3.5, ndipo utangaze kwamba mwenzake amepotea. Kwa faiba iliyokatwa na greda huo ni mpango mzuri sana. Kwa laini inayopoteza fremu chache chache, ni sawa na mlinzi anayeamka mlango ukivunjwa tu.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme salamu 5 kati ya 1,000 zinapotea, kila moja kwa bahati yake. Ili tatu mfululizo zipotee ni 0.005 mara 0.005 mara 0.005. Siku moja ina sekunde 86,400. Ukizidisha utapata kwamba kengele italia mara moja kwa miezi mitatu hivi. Mteja hatakusubiri miezi mitatu.

Halafu kuna ukubwa. Salamu ya CCM ni fremu ya baiti 100 hivi, ilhali faili la mteja husafiri kwa fremu za baiti 1,500. Mwanga ukiwa hafifu, mpokeaji husoma vibaya biti moja hapa na nyingine pale, na biti moja mbovu inatosha kuifanya fremu nzima itupwe. Fremu yenye urefu mara kumi na tano ina nafasi ya kuumia karibu mara kumi na tano. Kwa hiyo salamu zinaweza kupotea nusu asilimia huku mafaili ya mteja yakipoteza asilimia saba, na skrini ikabaki kijani bila kusema uongo wowote.

Mimi niliikuta tikiti asubuhi ya siku ya tatu. Kaka mmoja wa zamu alikuwa ameshaandika kwamba tatizo ni faiba ya Manyoni, kwa sababu tu Manyoni ndiko faiba hukatwa mara kwa mara. Nikamwambia tuiulize laini yenyewe.

Lupu ya CFM ni swali na jibu. Unatuma LBM kwa anwani ya nukta fulani njiani, nayo inakurudishia LBR. Nukta za katikati zinaitwa MIP, na zitajibu tu kama ziliwekwa kwenye ngazi ileile unayoulizia. Ngazi ni 0 hadi 7, sisi tulikuwa ya 4. Kama huzijui anwani zao, tuma kwanza LTM, zitajitaja moja moja kwa mpangilio wa safari. Uzuri wa lupu hii ni kwamba huduma ya mteja inaendelea. Humkatii mtu kitu.

Ila usitume hovyo. Mambo mawili ndiyo yanayoharibu kipimo. La kwanza, ukubwa: mashine nyingi zisipoambiwa hutuma fremu ndogo, nawe utarudia kosa lilelile la CCM. Mimi niliweka data ya baiti 1,400. La pili, kasi: kwenye swichi nyingi jibu la lupu linaandaliwa na prosesa, na prosesa hiyo ina kikomo cha kujilinda. Ukimwaga fremu 1,000 kwa sekunde moja, nyingine zitatupwa mlangoni, nawe utaandika kosa ambalo halipo. Nilituma 10 kwa sekunde, fremu 1,000 kwa kila nukta, kama dakika moja na sekunde arobaini. Majibu yalikuwa hivi:

```
MIP Manyoni                        1000 / 1000
MIP Singida, poti ya Manyoni       1000 / 1000
MIP Singida, poti ya ghala         1000 / 1000
MEP ghala, baiti 1400              1000 / 931
MEP ghala, data ndogo              1000 / 995
```

Tazama mstari wa tatu. Swichi moja ina MIP kwenye poti zaidi ya moja, na ni lazima ujue unaongea na ipi. Poti ya ghala ilipojibu zote 1,000, safari nzima ya Manyoni ilisafishwa, na ndani ya swichi ya Singida pia. Kilichobaki ni kilomita mbili za mwisho na vifaa vya ncha zake. Mistari miwili ya chini nayo inasema jambo: fremu kubwa zinaumia zaidi kuliko ndogo, lakini haziumii zote. Kama lingekuwa tatizo la MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa fremu, zile kubwa zingerudi sifuri na ndogo zingerudi zote. Hasara ya sehemu, inayokua pamoja na urefu, inanuka mwanga mbovu.

Lupu ina upofu mmoja. Inakwenda na kurudi, kwa hiyo haikuambii fremu ilifia wakati wa kwenda au wa kurudi. Kosa lingekuwa la kukatika upande mmoja moja kwa moja, CCM zingetusaidia: anayelia ndiye asiyesikia, na mwenzake angepokea salamu zenye alama ya RDI, maana yake "mimi sikusikii". Kwetu hakuna aliyelia. Nikaenda kwenye hesabu za poti. Kwenye kisanduku cha ghalani makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zikiwa zimeharibika, yalikuwa sifuri. Kwenye poti ya swichi ya Singida inayotazama ghala, yalikuwa yanapanda nikiwa naangalia. CRC huhesabiwa na anayepokea, kwa hiyo uzi unaoumwa ni ule unaotoka ghalani kuja mjini. Mteja alishatuambia siku ya kwanza: kupokea sawa, kutuma ndiyo shida. Mwanga uliopokelewa hapo ulisomeka −22.7 dBm, wakati moduli ile imehakikishwa na kiwanda hadi −19 tu.

Sasa, kwa nini mafundi wawili walikwenda ghalani wakarudi mikono mitupu? Walifanya kile tunachofundishwa wote. Walichomoa faiba kwenye swichi mjini wakaweka kipimo, na ghalani wakaunganisha uzi wa kwenda na wa kurudi kwa lupu ya plagi. Kipimo kikatuma fremu na kuzipokea zilezile, dakika kumi na tano, bila kosa hata moja. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa.

Nilimpigia kijana wetu wa Singida. Nikamwomba aende ghalani, lakini asiguse kitu mpaka nimwambie. Alipofika nilikuwa tayari natuma LBM bila kukoma, kubwa, kumi kwa sekunde, na zilikuwa zinadondoka kama kawaida.

"Shikamoo mzee, nipo mbele ya kabati. Nifungue?"

"Marahaba. Fungua taratibu, usichomoe kitu."

Zikaacha kudondoka. Palepale. Nikasoma mwanga: −12.1.

"Funga."

Zikaanza tena.

Kodi fupi ya faiba kutoka paneli hadi kisanduku ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, na mzunguko wake mmoja ulikuwa umelala kwenye bawaba ya mlango. Mlango ukifungwa, uzi mmoja kati ya miwili unabanwa na kupinda kwa kona kali, mwanga unavuja. Kila fundi aliyekuja kupima ilibidi afungue mlango kwanza, na kwa kufungua alikuwa ameshatengeneza. Akimaliza anafunga kabati vizuri, kama mtu mstaarabu, na kosa linarudi.

Ndiyo maana siku hizi sikubali mtu apande gari kabla ya mambo matatu kuandikwa kwenye tikiti: lupu ya kila nukta kwa fremu kubwa, CRC za ncha zote mbili, na mwanga wa ncha zote mbili, vyote vikiwa vimechukuliwa kwa mbali na kabati zikiwa zimefungwa. Ukishachomoa plagi, ushahidi umeondoka nayo.

Na ikibidi upige lupu ya plagi, weka kipimo upande wa pili, kamwe usiiache swichi. Wazee waliolelewa na laini za zamani za E1 walizoea kurudisha laini yoyote na kutazama taa. Ethaneti haikubali. Fremu za matangazo zikirudi kwenye poti zilikotoka, swichi inajifunza anwani za wateja mahali pasipo pao, na utaangusha hata ofisi ambazo hazikuwa na shida. Kama unataka lupu ya kubaki kwenye kifaa, tumia ile inayobadilishana anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na uiwekee muda wa kujizima yenyewe. Nimewahi kukuta moja iliyosahauliwa tangu Ijumaa. Moduli za masafa ya kilomita 80 ndizo hatari zaidi: mwanga wake ukirudi kwa kodi ya mita moja bila kipunguza mwanga, unaweza kuua kipokezi.

Kijana alibadilisha kodi, akaweka ya nusu mita, akaifunga kwa utepe mbali na bawaba. Nikamwambia afunge mlango, aufunge kwa ufunguo kabisa, na atoke nje. Ndipo nikatuma 1,000 kubwa, zikarudi 1,000. Niliacha CRC zihesabiwe hadi kesho yake saa mbili asubuhi. Zilikuwa palepale nilipoziacha, nikafunga tikiti.