Maswali na majibu: Msusi mwepesi anayechelewa kila siku

Kuosha na kunyoosha kwa draya naandika saa moja, na mikono yangu ni myepesi. Mbona ikifika saa 6 mchana nimeshachelewa nusu saa?

Kwa sababu, dada, umepima mikono yako, na kinachochelewa ni kiti. Kiti kinashikwa tangu mteja anapoketi na kuanza kukutafutia picha kwenye simu, na hakiachiliwi mpaka amelipa, umefagia na umesafisha vitana. Bandika karatasi kando ya kioo. Kwa wateja 10 wa huduma hiyo hiyo, andika saa waliyoketi na saa kiti kilipokuwa tayari kwa mwingine.

Tuseme umepata dakika 58, 62, 64, 65, 68, 70, 72, 75, 80 na 95. Wastani ni kama dakika 71. Ukiandika 60, kila mteja anakula dakika 11 za mwenzake. Uliyempa saa 3:00 anaketi kwa wakati, ila wa nne, wa saa 6:00, anaketi saa 6:33. Hiyo ndiyo nusu saa yako, na wala hukuzembea.

Usiandike wastani pia, maana wanne kati ya kumi wanauzidi na kila mmoja atakusukuma. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya nane: 75. Huyo wa dakika 95 mwache. Ukimpangia kila mtu kwa kipimo chake, karibu robo ya siku utakaa bure.

Kati ya mteja na mteja niache dakika ngapi?

Kama usafi na malipo vimo ndani ya hizo 75, usiache kitu. Wengi huweka dakika 10 kila baada ya mteja, nami naona zinapotea. Mteja akiwahi unampokea, mkiwa na maneno mnaongea, na dakika zimekwisha kabla hujazihitaji. Zikusanye: nafasi moja ya dakika 20 baada ya mteja wa pili asubuhi, na nyingine kama hiyo alasiri. Mteja wa dakika 95 akitokea, anakula 20 zako na anayeketi baada ya nafasi hiyo haoni kitu. Asipotokea, kula chakula chako umeketi.

Iandike kwenye daftari kwa wino, kwa jina lolote. Nafasi iliyoachwa wazi, anayepokea simu ataijaza.

Rangi inakaa kichwani dakika 35. Si naweza kumhudumia mwingine hapo?

Unaweza, ila zile 35 si zako zote. Gawa miadi ya rangi mara tatu kwenye daftari: kupaka dakika 40, kusubiri 35, kuosha na kukausha 45 (zako zipime mwenyewe). Katika kusubiri huko utamkaribisha mteja wa pili, utachungulia rangi inavyoshika, na ikifika dakika ya 35 sharti uwe kwenye karai la kuoshea umevaa glavu. Kinachobaki ni kama dakika 20. Zinatosha kupunguza ncha au kutengeneza nyusi. Kukata nywele kwa dakika 30 hakuingii hapo, hata ukijipa moyo.

Ukikosea hapa hasara ni kubwa kuliko kuchelewa. Mteja wa kukata ataweza kusubiri, dawa kichwani haisubiri. Kwa bliichi na dawa ya kulainisha nywele sichanganyi wateja kabisa, kwa sababu dakika za ziada zinakata nywele na kuunguza ngozi. Ukiwa na msaidizi anayejua kuosha, hesabu inabadilika. Lakini na yeye basi awe na safu yake kwenye daftari, usije ukamhitaji kwenye karai mbili kwa wakati mmoja.

Mteja anaandikisha kusuka rasta, akifika bado ana za zamani kichwani. Nifanyeje?

Muulize siku anayopiga simu. Maswali matatu yanatosha: unazo za kufumua? zitaoshwa hapa? unataka nene au nyembamba, na urefu gani? Kisha "rasta" isiwe mstari mmoja kwenye daftari lako. Kufumua ni miadi yake, yenye muda wake na bei yake. Nyembamba za kufika kiunoni haziwezi kuwa na muda wa nene za mabegani. Picha ya kichwa kilivyo leo itakusaidia kuliko picha ya mtindo anaoutaka.

Na mteja akichelewa yeye mwenyewe?

Akichelewa ndani ya zile dakika 20 za akiba, mpokee. Akizipita, mpe huduma fupi inayoingia katika muda uliobaki au siku nyingine, na umwambie akiwa bado mlangoni, kabla hajavua kilemba.